Nyumba yenyewe ndiyo resi: hesabu ya simenti, mchanga, bloki na malata, toka Katuba ya miaka ya 1950 hadi parsele zetu za leo



Kuna maneno mamoja ambayo kila mtu aliyejenga ku Lubumbashi ameyasikia mu simu: "Simenti ilishaisha, mutume ingine." Mwenye kusikia maneno haya yuko Lusaka, ao Johanesburg, ao Ubelgiji, ao yuko hapa hapa mujini lakini kazi inamzuia kufika ku parsele kila siku. Hana namna ya kujua kama simenti imeisha kweli mu ukuta, ama imeishia ku parsele ya mtu mwingine. Basi anatuma. Ku mwisho nyumba inabaki bila malata, mvua inaingia, na jamaa inagawanyika kwa ugomvi ambao unaweza kudumu kuliko nyumba yenyewe.

Wengi wanafikiri shida hii ni ya sisi tuliotoka mbali na kurudi. Si kweli. Muji huu ulishajiuliza swali hilo tangu zamani: ni nani anahesabu vifaa vya nyumba, na hesabu inapatana na nini? Ulijibu kwa namna mbalimbali, na namna moja kati yao, ile ya Katuba, ingali na somo kwetu.

Kampani inahesabu yenyewe

Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, na muji wa Élisabethville ulianzishwa mwaka ule ule. Vitu vingi vya kujengea vilivyotoka nje vilipitia ku njia hiyo, na malata yalikuwa ndani yao. Matofali hayakuwa na haja ya reli. Udongo wa Katanga una vichuguu vikubwa vya mchwa, na udongo wa kichuguu unashikana vizuri; mpaka leo, mtu akipata kichuguu mu parsele yake anajua amepata matofali. Kwa simenti, tangu miaka ya 1920 kulikuwa kiwanda cha Lubudi, ku njia ya reli inayopanda upande wa Kamina.

Union Minière ilijengea wafanyakazi wake makambi. Humo hesabu ilikuwa rahisi kwa mfanyakazi, juu haikuwa yake. Kampani ilinunua, magazini yake ilitoa vifaa, bakapita wake walisimamia, na nyumba ilibaki mali ya kampani. Mfanyakazi aliingia akakuta ukuta umesimama, na siku alipopoteza kazi alitoka. Mtu aliweza kuishi miaka makumi mbili ndani ya nyumba bila kujua ilikula simenti mifuko mingapi. Ujuzi wa kuhesabu ulibaki mu ofisi ya magazini.

Katuba: mkopo unaokuja kwa vifaa

Kisha Vita ya Pili ya Dunia, watu waliongezeka mujini kuliko nyumba. Wale ambao hawakuwa wa kambi ya kampani waliishi mu kile kilichoitwa Centre extra-coutumier, eneo la Waafrika lililowekwa chini ya sheria yake tangu mwanzo wa miaka ya 1930. Mtumishi mmoja wa serikali ya Ubelgiji, Ferdinand Grévisse, ambaye aliandika kitabu kizima juu ya Centre hiyo mwaka 1951, alisukuma namna ya kujenga ambayo watu waliita kwa jina lake. Katuba ilipanuka kwa namna hiyo mwanzo wa miaka ya 1950.

Mtu alipata kiwanja na mkopo. Mkopo haukuwa franga tupu za kuweka mfukoni. Ulifika kwa mwenye kujenga kwa njia ya vifaa. Yeye mwenyewe alitafuta fundi, ao alijenga kwa mikono yake na ya ndugu zake, na watumishi wa Centre walifuata kazi ile. Deni alilipa pole pole.

Hebu tuangalie namna hiyo ilibadilisha nini. Kama mtu anapokea franga, basi ushahidi wa kazi ni karatasi: resi ya duka, na resi inaweza kuandikwa na mtu yeyote. Lakini kama anapokea vifaa, ushahidi ni ukuta. Anayetoa vifaa anajua alitoa nini, na anayepita ku parsele anaona nini kimesimama. Vitu viwili hivyo vinapaswa kupatana. Visipopatana, swali linaulizwa sasa, wakati ukuta uko kwa magoti, si kisha mwaka, wakati kila mtu amesahau. Ndani ya hesabu ya namna hiyo nyumba yenyewe inakuwa resi.

Tusipambe mambo. Ile ilikuwa serikali ya koloni, na kufuata kazi ilikuwa pia kufuata watu. Mkopo ulifaa zaidi mwenye mshahara. Na vitabu vya hesabu vilikuwa vya ofisi. Lakini mtu wa Katuba, tofauti na mtu wa kambi, alijua nyumba yake imekula nini, juu deni lilikuwa lake, na nyumba ilikuwa yake.

Pembeni kulikuwa na namna ingine. Mwaka 1952 serikali iliunda Office des Cités Africaines, ile watu walizoea kuita OCA, na nyumba zake mtu anaziona mpaka leo ku Ruashi. OCA ilijenga mitaa mizima na kutoa nyumba zilizokwisha tayari. Zilijengwa haraka na kwa kipimo kimoja. Lakini hapo pia, sawa na mu kambi, hesabu ilikaa ku ofisi, na mwenyeji alipokea ufunguo tu.

Wakati hesabu ilibaki bila mwenyewe

Uhuru ulikuja mwaka 1960. Union Minière ikataifishwa mwaka 1967, na kisha ikawa Gécamines. Kwa miaka mingi kampani iliendelea kuwa baba wa wengi. Halafu baba akaanguka. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, na mwaka uliofuata muji ulipatwa na uporaji. Feza nayo ilikufa: mwaka 1993 zaire mpya ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3.

Wakati huo watu wa Lubumbashi walijifunza kuweka akiba yao mu vifaa. Franga za mshahara zilikufa ndani ya wiki, lakini tofali halikufa. Mtu alinunua matofali mia leo, mia kisha mwezi, akayapanga mu parsele mpaka siku ya kujenga. Ilikuwa akili nzuri kwa matofali na mchanga. Kwa simenti ilikuwa hatari. Simenti inakunywa unyevu wa hewa. Ndani ya miezi 3 inaanza kupoteza nguvu, na wakati wa mvua mbele ya hapo. Mfuko ulioshika mawe ndani yake hauna tena kazi ya kubeba ukuta, hata kama mu kaye unaandikwa bado kuwa "mfuko 1".

Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kwa mpango walioita kuondoka kwa hiari, na kila mmoja akapokea feza yake kwa mara moja. Kisha, tangu 2007, ndugu zetu waliokimbilia Zambia wakaanza kurudishwa na HCR kupitia Moba na Pweto. Wengi walibaki kule, wengine wakafika huku mujini. Aliyepokea feza ya kuondoka na aliyerudi na akiba ya Zambia walikutana ku shida moja. Hakuna kampani ya kuwajengea, hakuna OCA, hakuna Centre ya kufuata kazi. Kila mmoja alikuwa peke yake na fundi, na muuza simenti, na mwenye kamyo. Hesabu iliyokaa ku ofisi kwa miaka 80 ilianguka mu mikono ya watu ambao hakuna aliyewafundisha kuihesabu.

Boni tatu, si moja

Leo sehemu kubwa ya simenti yetu inatoka Zambia kupitia Kasumbalesa, mu mifuko ya kilo 50. Bei inapanda na kushuka na mpaka. Mwezi wa 8 mwaka 2024 Zambia ilifunga mipaka yake na sisi kwa siku chache tu, na kila mwenye kujenga aliona namna gani tunategemea barabara moja. Ndio maana boni isiyo na tarehe haina faida: bei ya Jumatatu na bei ya Ijumaa zinaweza kuwa mbali, na bila tarehe hakuna anayeweza kujua kama fundi aliongeza bei ama soko ndilo lililopanda.

Mu kazi ya kawaida vifaa vinapita ku hatua tatu, na kila hatua inaomba karatasi yake. Kwanza kuna kuagiza: tumeomba nini, kwa bei gani, siku gani. Pili kuna kupokea: nini kimeshuka kweli mu parsele, na ni nani alihesabu. Tatu kuna kutumia: nini kimetoka mu depo na kuingia mu kazi, na mu kazi gani. Watu wengi wana karatasi ya kwanza tu, ile ya duka. Karatasi ya duka inaonyesha feza ilitoka. Haionyeshi simenti ilifika.

Anayepokea asikuwe yule yule aliyenunua, na asikuwe fundi. Jirani mwaminifu anafaa, shemeji anafaa, mama mwenye kukaa ku parsele ya mbele anafaa. Anahesabu wakati kamyo inashusha, si kisha, na anatia sahihi mu kaye pamoja na dereva. Mifuko ya simenti anaitia alama ya rangi siku ile ile inapofika. Kisha mifuko mitupu inawekwa, haitupwi. Wakati fundi anasema ametumia mifuko 20, anaonyesha mitupu 20 yenye alama yetu. Bila alama, mifuko mitupu inaokotwa ku parsele ya jirani, na hesabu inapatana vizuri sana kwa uongo.

Mchanga unadanganya zaidi ya simenti. Kamyo ya "mita 5" inaweza kuwa na mita 4, juu dereva anapanga mchanga uonekane kama mlima katikati na pembeni ni bonde. Dawa ni mita ya fundi: pima bene kwa ndani, urefu mara upana, mara kimo cha mchanga kisha kuusawazisha, mbele haujashushwa. Tena mchanga wenye unyevu kidogo unavimba. Unaweza kuchukua nafasi ya robo zaidi kuliko mchanga mukavu. Ukilipa mchanga wa leo kisha mvua ya jana, unalipa pia hewa.

Nyumba moja, hatua kwa hatua

Tuchukue nyumba kama zile wanamemba wanazojenga: mita 9 kwa mita 7, na vyumba vinavyogawanywa na kuta za ndani za mita 16. Kuta za inje ni mita 32. Jumla ni mita 48 za ukuta. Tunajenga na bloki za simenti za sentimita 40 kwa 20, zenye unene wa 15.

Hatua ya kwanza ni fondasyo, na hii ndiyo hatua ambayo haina resi kisha kufunikwa. Ukuta unaonekana siku zote, paa linaonekana siku zote, lakini fondasyo inazikwa. Fundi akikuambia alichimba sentimita 80 na akapanga bloki mistari 4, kisha udongo kurudi hakuna mtu wa kumkatalia. Basi udongo usirudi mbele mtu wetu hajapima urefu wa shimo, upana wa beto ya chini, na mistari ya bloki, na mbele picha haijapigwa na mita imesimamishwa ndani ya shimo. Siku moja ya kuchelewa hapa inaokoa ugomvi wa miaka.

Hatua ya pili ni kuta. Tukipandisha mita 48 kwa kimo cha mita 2.8, tunapata mita za mraba 134. Tunatoa milango 5 na madirisha 6, ambayo pamoja yanakula karibu mita 18. Inabaki 116. Mita moja ya mraba inaomba bloki 12. Hiyo ni bloki 1,392; tukiongeza zile zitakazovunjika, tunaagiza kama 1,460. Pembe za juu chini ya paa zinahesabiwa mbali.

Sasa simenti. Hapa ndipo watu wengi wanapotea, juu mfuko mmoja unafanya kazi mbili tofauti. Kama bloki zinafanywa mu parsele, kuna simenti ya kufanya bloki, na kuna simenti ya kuzishikanisha. Kwa kushikanisha kuta hizi, mifuko 14 ao 15 inatosha. Kwa kufanya bloki, mfuko mmoja unatoa bloki kama 30 za unene huo, zenye nguvu. Bloki 1,460 zinaomba mifuko kama 49. Jumla ni mifuko 63 ao 64. Mu kaye, kazi hizi mbili ziwe mistari miwili mbalimbali. Kama zimechanganywa mu mstari mmoja, mifuko 10 inaweza kupotea katikati na hakuna atakayeona.

Na hata mistari miwili haitoshi kama tunahesabu bloki tu. Fundi anaweza kufanya bloki 50 kwa mfuko mmoja. Bloki 1,460 zitatokea zote, utazihesabu moja kwa moja na utafurahi. Lakini zimekula mifuko 29 tu, na mifuko 20 imeondoka. Hapa wizi hauonekani kwa hesabu. Unaonekana kwa bloki yenyewe. Ikwaruze kwa msumari: kama unachora kama mu udongo, simenti ni kidogo. Iinue kwa pembe moja: kama pembe inabaki mkononi, ni hivyo hivyo. Na dawa kubwa ni kuandika kila jioni namba mbili pamoja: leo tulifungua mifuko 4, leo tulitoa bloki 120. Siku namba ya pili inaporuka na ya kwanza haijasonga, unauliza siku ile ile, mbele bloki hazijaingia mu ukuta.

Sasa tuje ku simu tuliyoanza nayo. Fundi anapiga: "Bloki zilishaisha, patron, mutume franga ya bloki mia tano." Mu kaye yetu bloki 1,460 zilipokelewa. Tunamuomba mtu mmoja picha ya ukuta wa inje, na tunahesabu mistari. Tunaona mistari 8. Mstari mmoja pamoja na simenti ya katikati ni sentimita 21, basi ukuta uko mu kimo cha mita 1.68. Mita 48 mara 1.68 ni mita za mraba 80 na kidogo. Tunatoa sehemu za milango na madirisha zilizofika kimo kile, kama mita 12. Inabaki 68, na mara 12 ni bloki kama 820.

Basi kuna bloki 640 ambazo haziko mu ukuta. Hatusemi bado kama fundi ni mwizi. Labda ziko zimepangwa nyuma ya nyumba na yeye anahesabu vibaya. Labda nyingi zilivunjika, na hapo vipande vyake vinapaswa kuonekana. Labda ile kamyo ya mwisho haikufika na mtu alitia sahihi bila kuona. Lakini sasa swali lina namba, na swali lenye namba halileti ugomvi wa maneno tupu. Mtu yuko mbali sana anaweza kuliuliza kwa picha moja na mita kichwani. Hiyo ndiyo nguvu ambayo watumishi wa Centre walikuwa nayo walipopita ku Katuba, na leo iko mu mkono wa mwenye nyumba.

Hatua ya tatu ni paa, na kwa sisi inafungwa na majira. Mvua inaanza kwa nguvu mu mwezi wa 11. Kuta ambazo hazijafunikwa mbele ya hapo zinateseka, na zaidi kama ni za matofali mabichi. Ndio maana muuzaji wa malata anajua haraka yetu. Kwa nyumba yetu, tukiacha paa litoke nje kama nusu mita kila upande, linakuwa na upande mbili za mita 10 kwa 4.2 hivi. Lata moja la mita 3, kisha kulala juu ya jirani yake, linafunika upana wa sentimita 75. Upande mmoja unaomba 14 kwa upana. Kwa urefu inaomba lata moja zima na nusu. Hiyo ni 21 kwa kila upande, na 42 kwa nyumba nzima.

Kuhesabu 42 ni kazi ya dakika moja. Shida ya malata si hesabu, ni unene. Muuzaji anaandika BG 28 na kutoa BG 32, na kwa macho zinafanana. Namba ikiwa kubwa, lata ni nyembamba: BG 28 ina karibu milimita 0.4, BG 32 ina karibu 0.25. Ile ya pili inatobolewa na upepo ku misumari kisha misimu michache. Mzani unajua tofauti. Lata la mita 3, lililokatwa mu bati la upana wa sentimita 90 mbele ya kukunjwa, lina kilo 8 na kidogo kama ni BG 28, na kilo 5 na kidogo kama ni BG 32. Pima moja lililotoka katikati ya fungu, si la juu. Mu boni ya kupokea tunaandika mambo manne: hesabu, urefu, BG, na kilo za lata moja.

Hatua ya mwisho ni krepi na sakafu. Hapa hakuna bloki tena, ni simenti na mchanga tu, na ndio wakati mifuko inaondoka pole pole, mbili mbili, juu kila mtu amechoka na anaona nyumba imeisha. Kaye inaendelea mpaka ku siku ya mwisho, na kile kilichobaki kinaandikwa: mifuko 3, lata 1, mchanga bruwete 10. Kitu kilichobaki kisichoandikwa ni kitu kisicho na mwenyewe.

Kile hesabu haiwezi

Tuseme pia mpaka wa mambo haya. Namba tulizotoa ni za bloki za kipimo hicho na fundi wa kawaida. Kwa matofali ya kuchoma, ambayo ni madogo na hayalingani, hesabu ya mita moja inabadilika kutoka tanuru moja hadi ingine. Basi anza kwa kujenga mita moja ya mraba, hesabu matofali yaliyoingia, na tumia namba yako mwenyewe. Tofauti ya asilimia 5 ao hata 10 si wizi. Ni kazi ya mikono. Fundi anayeulizwa juu ya kila tofali atakimbia, na atakuwa na haki. Tunatafuta tofauti ya bloki 640, si ya bloki 15.

Tena kaye haiponyi nyumba iliyoanzwa bila feza ya kuifikisha ku malata. Wanamemba wanajua kuta nyingi mu muji huu ambazo zimesimama miaka 10 na majani yanaota juu yake. Nyingi hazikuibiwa. Mwenyewe alikuwa na feza ya kuta na hakuwa na feza ya paa. Hesabu ya bloki, simenti na malata ifanywe yote siku ya kwanza, mbele ya kuchimba, hata kama vifaa vyenyewe vitanunuliwa hatua kwa hatua. Kama jumla inazidi nguvu, punguza vyumba mu karatasi, si mu ukuta.

Basi swali ambalo tunapeleka ku mkutano ujao wa shirika ni hili. Mpaka sasa msaada wa kujenga unatoka kwa franga, kwa mara moja ao mara mbili, na mwanamemba analeta resi za duka. Tunapendekeza utoke kwa vifaa na kwa hatua nne: fondasyo, kuta, paa, krepi. Hatua moja haitoki mbele ile iliyopita haijapimwa na watu wawili, mmoja wa komite na mmoja aliyechaguliwa na mwenye nyumba. Na tofauti na zamani za Katuba, kaye isibaki ku ofisi. Zikuwe mbili zinazofanana: moja ya komite, moja ya mwenye nyumba, na aliyetuma feza kutoka mbali apewe picha ya kila ukurasa ulio na sahihi.

Wale ambao nyumba zao zimefika ku lento na hawana kaye, wasiogope kuanza sasa. Pimeni ukuta, hesabuni mistari, mara 12 kwa kila mita. Mtajua nyumba yenu imekula bloki ngapi, na mtaanza kaye na namba hiyo ku ukurasa wa kwanza.